Mikataba 20 au 13? Kahawa ya Moshi, bei ya New York na gharama ya kukaa na mzigo

*"Tuna tani 340 za arabika safi ghalani Moshi na hatutarajii kumaliza kuziuza kabla ya Februari. Mkataba wa Machi kule New York uko senti 6 juu ya wa Desemba, lakini msimu uliopita ulikuwa chini yake. Je, soko linasema bei itapanda? Na mwenzangu ofisini anataka tujikinge kwa kuuza mikataba 20 kwa sababu ndiyo inayolingana na tani zetu. Mshauri wetu anasema 13. Nani yuko sahihi?"*

Ndugu yangu, tuanze na hizo senti 6, kwa sababu wengi huzisoma kama utabiri na wanapotea hapohapo.

Chukua mtu aliye Antwerp au Hamburg, mwenye kahawa kwenye ghala linalotambuliwa na ICE, soko linaloendesha mikataba hii ya New York. Kahawa yake imeshapimwa na kupewa cheti, hivyo anaweza kuikabidhi dhidi ya mkataba wa arabika wa New York, ule unaouona kwenye skrini kwa herufi KC. Anaweza kuiuza leo kwa bei ya Desemba, tuseme senti 300 kwa ratili, au akae nayo miezi mitatu aikabidhi Machi. Akikaa nayo, fedha zake zimelala. Kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, senti 300 zinamgharimu senti 6 kwa miezi mitatu. Ghala na bima, tuseme senti 1 kwa mwezi, ni senti 3 nyingine. Kwa hiyo kahawa ya Machi inamsimamia kwa senti 309. Hii ndiyo gharama ya kukaa na mzigo, na bei ya mkataba wa mbele hujengwa juu yake:

```
F = S + riba + ghala - manufaa
```

F ni bei ya mkataba wa mbele na S ni bei ya mzigo wa leo. Hayo "manufaa" nitayarudia hivi punde. Vitabuni utaikuta kama `F = S * e^((r + u - y) * T)`, r ikiwa riba, u ghala na y manufaa, zote kwa mwaka, na T muda kwa miaka, lakini ni hesabu ileile iliyoandikwa kwa riba inayojizidisha kila wakati.

Tuseme sasa Machi imepanda hadi 318. Mtu wetu hahitaji maoni yoyote kuhusu mvua za Brazili. Anakopa, ananunua kahawa kwa 300, papo hapo anauza mkataba wa Machi kwa 318, anaiweka ghalani, na Machi anaikabidhi. Gharama yake yote ni 309, kwa hiyo amebakiwa na senti 9 kwa kila ratili. Mkataba mmoja ni ratili 37,500, kwa hiyo kila senti 1 ni dola 375 na senti 9 ni dola 3,375 kwa mkataba. Wenye mitaji wakiona mwanya huo wanauingia kwa wingi, Machi inashuka, mzigo wa leo unapanda, na mwanya unazibika. Ndiyo maana bei ya mbele haiwezi kukaa muda mrefu juu ya gharama kamili ya kukaa na mzigo. Hiyo ni dari, na ni dari ngumu.

Sakafu haina ugumu huo. Machi ikishuka hadi 291, hesabu ya kinyume ingetaka mtu auze kahawa leo na kununua mkataba wa Machi ili airudishe baadaye. Lakini anaiuza kahawa ipi? Inabidi awe nayo tayari, na wenye nayo wakati huo ni wakaangaji na wafanyabiashara ambao hawako tayari kubaki na ghala tupu. Mkaangaji aliyeahidi maduka makubwa kahawa ya mchanganyiko uleule kila wiki hatakubali mashine zisimame ili apate senti chache. Yuko radhi kulipia uhakika wa kuwa na gunia mkononi, na hayo ndiyo manufaa yaliyo kwenye fomula. Kwenye mfano huu ni 309 kutoa 291, yaani senti 18 kwa miezi mitatu, sawa na asilimia 24 ya bei kwa mwaka. Soko linalopanda kuelekea mbele huitwa kontango, na linaloshuka kuelekea mbele huitwa bakwadesheni.

Sasa zirudie senti zako 6. Gharama kamili ni 9 na soko linalipa 6. Tofauti ya senti 3 ni manufaa, madogo tu, ishara kwamba kahawa yenye cheti ipo ya kutosha na hakuna anayeigombania sana. Msimu uliopita Machi ilikuwa chini ya Desemba kwa sababu mzigo wa karibu ulikuwa adimu na kila mtu aliutaka leo. Katika hali zote mbili mkunjo wa bei unaeleza hali ya maghala na gharama ya fedha. Haukuambii bei itaelekea wapi. Bakwadesheni imewahi kufuatwa na bei kupanda kwa kasi, na kontango vilevile.

Ila kuna jambo moja ambalo senti 6 zinakwambia wazi, nawe hukuliuliza. Ni kama ujira ambao soko linatoa kwa anayetunza kahawa mpaka Machi. Kama kampuni yenu inakopa kwa asilimia 12, riba peke yake ni senti 9, na ghala la Moshi likigharimu senti 3 kwa kipindi hicho, mnatumia 12 mlipwe 6. Kinga haiwezi kurekebisha hilo. Kila gunia mnaloweza kuliuza mapema kwa bei ya haki, liuzeni, kwa sababu kukaa nalo ni hasara hata New York isipotikisika.

Tuje kwenye mikataba, ile mnayotaka kuiuza ili New York ikishuka, faida yake ifidie kinachopotea kwenye mzigo. Tani 340 ni ratili 749,571 hivi. Ukigawa kwa 37,500 unapata karibu 20 kamili, na hapo ndipo mwenzako alipoitoa namba yake. Hesabu yake ya uzito haina kosa. Kosa ni dhana iliyo chini yake, kwamba New York ikishuka senti 10, kahawa yenu ya Moshi nayo itashuka senti 10. Ingekuwa hivyo kama kahawa yenu ingekuwa Antwerp na cheti chake. Kweli, kahawa ya Tanzania, kama ya Kenya, inakubalika kwenye mkataba wa New York kwa bei ya msingi, bila nyongeza wala punguzo. Lakini mzigo ulioko Moshi una safari ya mbele yake: lori, bandari, meli, upimaji na muda. Mwanya wa yule mtu wa Antwerp haumfikii aliye Moshi kwa wepesi huo. Kwa hiyo pengo kati ya bei ya mnada wa Moshi na bei ya New York, ambalo sisi wa kahawa tunaliita difarensho, linapanuka na kusinyaa kwa sababu zake: wanunuzi wangapi wamekuja mnadani, kikombe cha msimu huu kina ladha gani, Kenya wana kahawa kiasi gani.

Njia ya kupata idadi ya mikataba ni kuuliza data yenyewe. Chukua mabadiliko ya bei ya mnada na mabadiliko ya bei ya mkataba kwa vipindi vilevile. Bei za mnada wa Moshi husomwa kwa dola kwa kilo 50, na kilo 50 ni ratili 110.23, kwa hiyo gawa dola kwa 1.1023 upate senti kwa ratili. Dola 330.70 inakuwa senti 300. Hapa nimeweka mabadiliko ya senti kwa ratili kwa vipindi vinane vya wiki mbili mbili, kwa namba nilizozichagua ziwe nyepesi kukokotoa kwa mkono:

```
Kipindi      1    2    3    4    5    6    7    8
New York   +10   -8   +4  -12   +6    0   +8   -8
Moshi       +8   -3   +7   -6    0   +3   +2  -11
```

Kila mstari unajumlika kuwa sifuri, kwa hiyo wastani hautusumbui. Zidisha kila jozi kisha ujumlishe: 80, 24, 28, 72, 0, 0, 16 na 88 zinafanya 308. Miraba ya New York inafanya 488, na ya Moshi 292. Uwiano wa kinga unaopunguza mtikisiko hadi kiwango cha chini kabisa ni 308 kugawa kwa 488, yaani 0.63. Kwenye jedwali la Excel, ukiwa na New York safu A na Moshi safu B, unaandika hivi:

```
=SLOPE(B2:B61,A2:A61)
=CORREL(A2:A61,B2:B61)
```

Huo mteremko ni sawasawa na fomula ya vitabuni, `h = rho * sigmaS / sigmaF`. Yaani uhusiano wa mabadiliko ya bei mbili, mara mkengeuko wastani wa mabadiliko ya bei yako, gawa kwa mkengeuko wastani wa mabadiliko ya mkataba. Kwa namba zetu, 0.816 mara 6.46 gawa kwa 8.35 inarudisha 0.63. Fomula hii inapendeza kwa sababu inaonyesha mambo mawili yanayopunguza kinga. Moshi hutikisika kidogo kuliko New York, na pia haifuati kila hatua ya New York.

Kwa nini huo ndio uwiano bora? Ukiuza mikataba kwa uwiano h, mabadiliko ya mfuko wako ni mabadiliko ya Moshi kutoa h mara mabadiliko ya New York. Varianci yake, yaani mraba wa mkengeuko wastani, ina sehemu inayoshuka unapoongeza h, kwa sababu kinga inafuta sehemu ya hatari. Ina na sehemu inayopanda kwa mraba wa h, kwa sababu mkataba wenyewe unaleta mtikisiko wake. Mwanzoni ya kwanza inashinda. Kuna mahali kasi zao zinalingana, na ukipita hapo kila mkataba unaouongeza unakuongezea hatari. Kwa data hii, bila kinga mfuko wako unatikisika senti 6.46 kwa ratili kila wiki mbili. Ukikinga kila tani, yaani mikataba 20, unatikisika 4.84. Kwa 0.63, unatikisika 3.73. Kwa tani zenu zote hiyo ni kama dola 48,400, kisha 36,300, kisha 28,000.

Kwa hiyo 0.63 mara 20 ni 12.6, na hapo ndipo mshauri wenu alipopata 13.

Tazama kipindi cha 4 na cha 7 kwa karibu. Kipindi cha 4 New York inaanguka senti 12 na Moshi 6. Mikataba 20 inaingiza dola 90,000, mzigo unapoteza 45,000, na mnabaki na 45,000. Ofisi nzima itasifu kinga hiyo. Lakini kipindi cha 7 New York inapanda 8 na Moshi 2 tu: mikataba inapoteza 60,000, mzigo unapata 15,000, na zile 45,000 zimerudi zote zilikotoka. Faida ya kwanza haikuwa kinga, ilikuwa dau dhidi ya New York mlilolicheza bila kujua. Kwa mikataba 13, kipindi cha 4 kinawaachia faida ya 13,500 na cha 7 hasara ya 24,000. Naomba uwaonyeshe wenzako jozi hiyo kabla hamjafungua mkataba hata mmoja, maana kinga inayoleta faida kubwa inastahili kuulizwa maswali yaleyale kama inayoleta hasara kubwa.

Kuna na suala la fedha taslimu. Mikataba hufanyiwa hesabu kila siku, na bei ikipanda dalali anawaita muongeze amana siku hiyohiyo, ilhali kahawa iliyoongezeka thamani bado iko ghalani haijalipiwa. Kati ya mwanzo wa Novemba 2024 na Februari 2025, New York ilitoka karibu senti 250 hadi zaidi ya 400. Kupanda kwa senti 150 kwa mikataba 20 ni dola 1,125,000 za kutoa mfukoni. Kwa mikataba 13 ni dola 731,250. Msafirishaji mmoja niliyefanya naye kazi alikinga kila tani wakati huo, akaishiwa fedha za amana, na dalali akamfungia mikataba karibu na kilele. Mzigo wake ulikuwa na thamani nzuri, lakini hakuwa na kinga tena bei ilipogeuka. Kabla ya kuuliza mikataba mingapi, iulize benki itawapa kiasi gani bei ikipanda senti 100, na upate jibu hilo kwa maandishi.

Sasa mipaka ya ile 0.63, kwa sababu nimeona watu wakiishika kama andiko. Kwa jozi nane tu, kosa la kukadiria ni karibu 0.18, kwa hiyo ukweli unaweza kabisa kuwa 0.45 au 0.8. Tafuteni jozi 60 hivi, za misimu kadhaa, na mpime kila daraja peke yake. Mnunuzi wa daraja la juu la AA analipia kikombe, kwa hiyo bei yake hujitenga na New York kwa urahisi zaidi kuliko ya madaraja ya chini. Na kama mna robusta ya Kagera humo ghalani, itoeni kabisa kwenye hesabu hii, maana mkataba wake uko London, wa tani 10, kwa dola kwa tani.

Kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi ya yote liko kwenye safu ya New York, na linaturudisha kwenye gharama ya kukaa na mzigo. Mtu anachukua bei ya Desemba mpaka inapokaribia kuisha, kisha wiki inayofuata anaandika bei ya Machi kwenye safu ileile. Kwenye soko lenu la leo hapo kuna mruko wa senti 6 ambao si mabadiliko ya bei hata kidogo, ni riba na ghala. Moshi haikuruka siku hiyo, kwa hiyo uhusiano unaonekana dhaifu na h inapindika. Dawa ni rahisi: kila badiliko lipimwe ndani ya mkataba mmoja, Machi kwa Machi. Ukitaka kujua kama data uliyopewa ina kasoro hii, tazama wiki za kuhamia mkataba mpya. Ukiona New York imeruka na Moshi imetulia, na hilo linajirudia miezi ileile kila mwaka, umelipata.

Kosa la pili ni la saa. Mnada unafungwa mchana wa Moshi, New York inafunga usiku wetu. Ukioanisha bei za siku ileile, habari iliyotikisa New York jioni haijafika mnadani hadi mnada unaofuata, na h inatoka ndogo kuliko ilivyo. Kokotoa kwa mabadiliko ya wiki moja, kisha ya mbili, kisha ya nne. Ikiwa h inapanda kadiri kipindi kinavyorefuka, Moshi inafuata New York kwa kuchelewa, na namba ya kuamini ni ya kipindi kinachokaribiana na muda mtakaokaa na mzigo. Kwa mpango wenu wa hadi Februari, ya wiki nne ina maana zaidi kuliko ya wiki moja. Na usijaribu kukwepa haya yote kwa kupima bei zenyewe badala ya mabadiliko yake. Bei mbili zilizopanda pamoja kwa mwaka mzima zinaweza kukupa uhusiano wa 0.95 hata kama wiki kwa wiki hazijuani.

Kitu cha mwisho kinaweza kubadilisha jibu lenu kuliko vyote hivi. Angalieni mikataba ya mauzo mliyokwisha kusaini. Tani zilizouzwa kwa difarensho, mfano "Machi jumlisha senti 20", na bei ya New York ikiwa bado haijafungwa, haziko tena kwenye hatari ya mnada wa Moshi. Difarensho imeshagandishwa kwenye karatasi, kwa hiyo kinachobaki kutikisika ni New York yenyewe, senti kwa senti, na uwiano wake wa kinga ni 1. Zile ambazo hazijauzwa kabisa ndizo za 0.63. Tuseme tani 120 zimesainiwa hivyo: hizo ni mikataba 7 hivi. Tani 220 zilizobaki ni mikataba 12.9, mara 0.63, karibu 8. Jumla ni 15, wala si 20 wala si 13. Na kila wiki mtakaposaini mauzo mengine kwa difarensho, tani zake zihamishieni kwenye kundi la uwiano wa 1 na muongeze mikataba kulingana nazo. Siku mnunuzi anapofunga bei ya tani zozote, nunueni tena mikataba yake siku hiyohiyo.